Chaki za Rangi Nne na Mchezo Usio na Mshindi

Mpwa wangu wa miaka minane alinijia likizo iliyopita akiwa amekunja uso. Yeye na dada yake, anayemzidi miaka miwili, walikuwa wamecheza X na O barazani tangu asubuhi, na kuanzia saa nane mchana hakuna aliyemfunga mwenzake hata mara moja. "Mjomba," aliniambia, "huu mchezo umeharibika."

Dada yake alikataa. Kwa maoni yake mchezo ulikuwa mzima, ila wao wenyewe walikuwa wameerevuka. Nikamuuliza: Je, hawezi kutokea mtu mwerevu zaidi yako, akaja hapa barazani akakufunga? Alifikiri, akaitazama sakafu iliyojaa chaki, kisha akasema hajui.

Jibu hilo lilinifurahisha, kwa sababu lilikuwa la kweli. Watu wazima wengi tungejibu haraka kwamba mchezo huu ukichezwa vizuri huisha sare, na mtoto angelipokea jambo hilo kama anavyolipokea jina la mji mkuu wa nchi ya mbali. Siku akifungwa shuleni anaacha kuliamini. Kusema "sijafungwa leo" ni jambo moja, na kusema "siwezi kufungwa" ni jingine. Mechi mia za sare hazimtoi mtoto kwenye kauli ya kwanza hadi ya pili. Panahitajika sababu, na sababu hiyo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuishika mkononi mwake akionyeshwa kwa mpangilio unaofaa.

Wazo la kwanza la dada mtu lilikuwa kuandika mechi zote zinazowezekana. Ni wazo zuri, na inafaa kumwachia mtoto alijaribu kidogo ili aone linakompeleka. Mchezaji wa kwanza ana vyumba tisa vya kuchagua, wa pili vinane, halafu saba, hadi vyumba viishe. Ukizidisha unapata 362,880. Kwa kuwa mechi nyingi hukatika njiani mtu anapopanga tatu, mechi halisi zinabaki 255,168. Katika hizo, aliyeanza hushinda 131,184, aliyefuata hushinda 77,904, na sare ni 46,080 tu.

Nilipompa hesabu hizo alishangaa. Ikiwa sare ndizo chache kuliko zote, mbona wao hawapati kitu kingine? Hapo ndipo mtoto anapopatia jambo ambalo hata wakubwa huliteleza. Hesabu ile imekusanya kila mechi, pamoja na zile ambamo mtu ameona mwenzake ana X mbili mfululizo na chumba cha tatu kiko wazi, naye akaenda kuweka O mahali pengine kabisa. Mechi za namna hiyo ni nyingi mno. Wingi wa njia hautuambii lolote kuhusu watu wawili ambao kila mmoja yuko macho. Swali letu ni jingine: Je, yuko mchezaji anayeweza kumlazimisha mwenzake ashindwe hata kama mwenzake hakosei?

Ili tuelewane kwa urahisi tuliviita vyumba kwa namba, kama vitufe vya simu ya kitochi: juu ni 1, 2, 3, katikati ni 4, 5, 6, chini ni 7, 8, 9. Basi 5 ndiyo kati, 1, 3, 7 na 9 ni pembe, na 2, 4, 6 na 8 ni mbavu. Mistari ya ushindi ni minane: mitatu ya kulala, mitatu ya kusimama na miwili ya mshazari. Nilimtaka mdogo aitaje yote huku akiigusa kwa kidole. Alisahau ya mshazari, kama watoto wengi wanavyosahau, na kusahau huko ndiko kulikomfungisha mara nyingi asubuhi.

Kazi yenyewe tuliigawa nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kuonyesha kwamba anayeanza, yaani X, anaweza kujilinda asifungwe kamwe. Nusu ya pili ni kuonyesha kwamba O naye anaweza. Zikisimama zote mbili, sare haikwepeki kwa wachezaji wasiokosea. Watoto hupenda kurukia nusu ya pili kwa sababu O ndiye anayeonekana mnyonge. Mimi huanza na X, maana nusu yake ina uthibitisho mzuri kuliko wote ninaoujua katika michezo ya watoto, na hauhitaji kukariri hata mechi moja.

Nilichora ubao mkubwa sakafuni na kuchukua chaki za rangi nne. Chumba cha kati nilikiacha cheupe. Chumba 1 na 2 nilivipaka nyekundu, 3 na 6 buluu, 9 na 8 njano, 7 na 4 kijani. Kwa hiyo kuuzunguka ubao kuna jozi nne za majirani, na kila jozi tuliiita mapacha. Kete zetu zilikuwa vizibo vya soda kwa X na punje za maharage kwa O. Mdogo nilimpa amri mbili tu. Anza kwa kuweka kizibo katikati. Baada ya hapo, dada yako akiweka haragwe kwenye rangi yoyote, wewe weka kizibo kwenye pacha wake wa rangi hiyohiyo. Usifikirie kitu kingine.

Walicheza mechi sita. Dada mtu alijaribu kila ujanja alioujua, naye mdogo alikuwa akijibu bila hata kutulia, akitafuta rangi tu. Hakufungwa. Kufikia mechi ya saba dada yake aliacha kucheza akaanza kuutazama ubao, na hiyo ndiyo dakika niliyokuwa nikiisubiri.

"Mstari wa juu hauwezi kuwa wangu," alisema. "Una nyekundu mbili. Nikichukua moja, yeye anachukua nyingine."

Vipi wa kulia? Una buluu mbili. Wa chini una njano mbili, wa kushoto una kijani mbili. Mistari minne ya pembeni yote ina mapacha ndani yake, na kwa kila jozi ya mapacha X anapata mmoja. Na mistari mingine minne? Yote inapita kati, na kati pana kizibo tangu mwanzo. Hakuna mstari wa tisa. Kwa hiyo O hana pa kupanga tatu, awe mwerevu kiasi gani, na acheze mpaka usiku.

Hapa mtoto ameshathibitisha nusu ya jambo kwa sababu inayowahusu wachezaji wote duniani, waliokuwapo na watakaokuja, bila kuiandika hata mechi moja kati ya zile 255,168. Ukimwona anatabasamu peke yake, mwache kwanza.

Kuna kosa moja linalojitokeza hapohapo nami nilikutana nalo. Mdogo aliamini kwamba rangi ndizo njia bora ya kucheza. Sivyo. Rangi zinamlinda asifungwe, hazimfundishi kufunga. Tulicheza hivi: X yuko 5, O akaweka 2, X akajibu 1 kwa kufuata nyekundu. Sasa X ana 1 na 5, na 9 iko wazi. O kwa kupitiwa akaweka 3. Rangi zinamwambia X aende 6, na mdogo akaenda 6, wakati 9 ilikuwa ikimngoja ashinde. Tulikubaliana kuongeza amri ya tatu: ukiona ushindi, uchukue kwanza; usipouona, fuata rangi.

Sasa zamu ya O. Dada mtu alikuwa tayari ameshabashiri kwamba rangi zitafanya kazi hiyo pia. Ikiwa X ameanza pembeni, basi O ashike kati, halafu naye afuate mapacha. Nilimwacha apake mwenyewe. X alikuwa ameketi chumba 1. Akapaka 2 na 3 kwa mstari wa juu, 4 na 7 kwa mstari wa kushoto, 6 na 9 kwa mstari wa kulia. Alipofika mstari wa chini alikuta 7 imeshapakwa, 9 imeshapakwa, na kimebaki chumba 8 peke yake bila pacha. Alifuta akaanza upya kwa mpango mwingine. Mara tatu alifuta.

Hakukosea popote katika kupaka. Mistari minne ya pembeni inataka jozi nne, yaani vyumba vinane, na X ameshakalia kimoja kati ya vile vinane vinavyouzunguka ubao. Vimebaki saba. Huwezi kupata jozi nne kutoka vyumba saba, upake utakavyopaka. Faida ya kuanza ndiyo hiyo, na mtoto anaweza kuihesabu kwa vidole: ni chumba kimoja. Ni vizuri akwame hapa kwa muda badala ya kuokolewa, kwa kuwa amepata kuona kwa macho yake kwamba O kweli ana upungufu, na kwamba lazima aulipie kwa kitu kingine.

Kitu hicho ni tishio. Ukiwa na mbili katika mstari na chumba cha tatu kiko wazi, mwenzako hana hiari, lazima akizibe. Kwa zamu hiyo moja wewe ndiye uliyemchagulia mahali pa kucheza. Watoto wanalijua hili tangu zamani, ila hulitumia kwa kutamani ushindi tu. Hawajui kwamba tishio linaweza kutumika kumpeleka mtu mahali pasipomfaa.

Mfano ulio bora ni mtego wa pembe mbili. X anaanza 1. O anashika 5. X anaweka 9, pembe inayotazamana na ya kwanza. Ubao sasa una X mbili za mshazari na O katikati yake. Zamu ni ya O, na hakuna anayemtishia mwenzake. Watoto wengi huweka pembe, tuseme 3, na wana sababu: O iliyo 3 na O iliyo 5 zinatishia 7. X analazimika kwenda 7. Lakini tazama 7 ilivyomfaa. Sasa X ana 1 na 7, anataka 4. Tena ana 7 na 9, anataka 8. O ana zamu moja na matundu mawili ya kuziba. Amekwisha.

Rudisheni kete mpaka zamu ile ya O. Safari hii aweke ubavuni, chumba 2. Hili nalo ni tishio, kwa kuwa O ana 2 na 5, anataka 8. X lazima aende 8. Akiwa 8 na 9 anatishia 7, O anaziba 7, na papo hapo O ana 7 na 5, anataka 3. X anaziba 3. Sasa X ana 3 na 9, anataka 6, O anaziba 6, na O ana 6 na 5, anataka 4. X anaziba 4, vyumba vimeisha, sare. Kuanzia ile 2, kila zamu ilikuwa ya lazima, kama treni iliyo kwenye reli. Watoto waliirudia mechi hiyo mara nyingi kwa kuipenda tu, wakiitaja kwa namba: moja, tano, tisa, mbili, nane, saba, tatu, sita, nne.

Baadaye nilimwuliza mdogo tofauti ya 3 na 2 ni nini, ilhali zote mbili ni tishio. Alichukua muda. Jibu lake lilikuwa kwamba 3 ilimtuma X kwenye pembe aliyokuwa anaitaka, na 2 ilimtuma mahali ambapo hakuwa na haja napo. Sina maelezo mazuri kuliko hayo.

Bado hatujawa na uthibitisho, tuna mechi moja. Ili tuwe na uhakika inabidi O awe na jibu kwa kila mwanzo wa X, na hapa ndipo karatasi inapofaa kuliko sakafu, kwa sababu karatasi inageuzika. Chora ubao, weka X kwenye pembe 1, kisha mpe mtoto aizungushe karatasi robo mzunguko. Pembe 1 imekuwa 3. Zungusha tena, imekuwa 9, kisha 7. Mianzo minne ya pembeni ni mwanzo mmoja unaotazamwa kutoka pande nne. Mbavu nne nazo ni moja. Kwa hiyo mianzo tisa imekuwa mitatu: pembe, ubavu na kati. Ile kazi iliyokuwa ya malaki imeanza kufanana na kazi ya mchana mmoja.

Kwa pembe na kwa ubavu, O anashika kati. Baada ya X kuanza 1 na O kwenda 5, X ana vyumba saba vya kuchagua, lakini karatasi ikikunjwa kwenye mshazari wa 1 hadi 9, chumba 2 kinalala juu ya 4, 3 juu ya 7, 6 juu ya 8. Vinabaki vinne vya kweli. Cha 9 tumekimaliza. Cha 2 kinatishia 3, na ukifuata kuziba na kutishia utafika sare bila njia panda yoyote. Cha 3 kinatishia 2, na O akishaziba, X naye atalazimika kuziba 8. Hapo O awe makini, maana X ana tamaa ya 7 na 9, na kutishia kwa kuweka 4 kunamtosha. Cha 6 hakitishii kitu, ila kinanuia 3, ambako mistari miwili ya X inakutana, basi O aiwahi 3 mwenyewe. Mwanzo wa ubavu hutatuliwa kwa njia hiyohiyo: shika kati, kisha tafuta pembe ambako mistari miwili ya X inakutana, uikalie kabla yake.

Mwanzo wa kati ni kinyume. Kati imekwenda, na O anapaswa kuchukua pembe. Akichukua ubavu amepotea, na jambo hili nililitumia kupima kama wameelewa kweli. Niliwaandikia mechi nzima: 5, 2, 1, 9, 4, 7, 6. X ameshinda kwa 4, 5, 6. Nikawauliza, O alikosea wapi?

Mdogo alijibu mara moja kwamba alikosea kwenye 7, angeziba 6. Tukarudisha kete, tukaziba 6, na X akaweka 7 akashinda kwa 1, 4, 7. Basi kosa halikuwa hapo. Labda kwenye 9? Lakini 9 ilikuwa lazima, maana X alikuwa na 1 na 5. Ikabaki hatua moja tu ya O, ile ya kwanza, 2. Alikuwa ameshashindwa tangu haragwe lake la kwanza, wakati ubao ulikuwa karibu mtupu na hakuna dalili yoyote ya hatari. Mtoto anayelaumu hatua ya mwisho bado anacheza kwa kubahatisha. Anayerudi nyuma hatua kwa hatua, akiuliza kila mahali kama palikuwa na chaguo jingine, ameshaelewa mchezo unavyofungwa, na kipimo hiki ninakiamini kuliko idadi ya sare anazopata.

O akiwa pembeni, tuseme 1, na X akiwa 5, kila chumba atakachochagua X ni tishio la moja kwa moja kupitia kati, isipokuwa 9, kwa sababu ng'ambo ya 9 tayari kuna O. Kwa hiyo katika vyumba sita kati ya saba, jibu la O ni la lazima na halihitaji fikra. Kwenye 9 ndipo kuna mtego: O achukue pembe nyingine, 3 au 7. Akichukua ubavu, X atampiga kwa matishio mawili. Wapwa wangu walizifuata njia hizo zote kwenye daftari la mistari, kila mechi ikiwa safu ya namba, na walipozikuta zimeishia sare, dada mtu alipiga mstari chini ya ukurasa kwa rula.

Jioni niliwapa badiliko moja. Ubao uleule, kete zilezile, ila sasa anayepanga tatu ndiye aliyeshindwa. Je, X bado anaweza kujilinda? Mdogo alisema kati ni sumu, maana mistari minne inapita pale. Dada yake hakujibu. Alichukua kitambaa chenye maji akafuta rangi zote sakafuni, akapaka upya: 1 na 9 nyekundu, 2 na 8 buluu, 3 na 7 njano, 4 na 6 kijani. Safari hii mapacha walikuwa wakitazamana kupitia kati badala ya kukaa jirani.

Akamwambia ndugu yake aweke kizibo katikati na afuate rangi kama mwanzo. Mstari wowote unaopita kati una mapacha wawili, na X atakuwa na mmoja tu, basi hawezi kuupanga hata akitaka. Na mstari wa pembeni, kwa mfano 7, 8, 9? X hufika kule kwa kujibu tu, na ili aipate yote mitatu lazima O awe ameshachukua 3, 2 na 1 kabla yake. O atakuwa ameshapanga tatu kwanza, na ameshashindwa.

Nusu ya O katika mchezo huo bado wanaitafuta. Daftari liko barazani, limefika ukurasa wa nne.